Jinsi ya Kuisoma Hukumu ya Injini ya Sataranji

Mchezaji wa sataranji anayekaa jioni kuuchambua mchezo aliokwisha kuucheza, akaifungua injini katika simu au kompyuta yake, hupewa vitu viwili kwa mara moja: namba yenye alama ya kujumlisha au ya kutoa, na msururu wa hatua unaoanzia pale kete zilipo na kwenda mbele hatua kumi au zaidi. Namba ile ndiyo tathmini, na msururu ule ndio mlolongo mkuu, yaani njia ambayo injini inadhani kwamba pande zote mbili zingeifuata lau kila upande ungecheza hatua iliyo bora. Aghalabu watu huisoma namba wakauacha mlolongo, au huichukua hatua ya kwanza ya mlolongo wakaicheza, na yaliyobaki wakayaona kuwa ni mapambo ya kioo. Hapo ndipo makosa yanapoanzia, kwa sababu vitu hivi viwili ni kitu kimoja: injini haiyahukumu mambo kama yalivyo sasa mbele ya macho yako, bali huenda mpaka mwisho wa mlolongo, ikayatazama mambo yalivyo huko, kisha ikaja na habari ya huko kukupa wewe uliyesimama huku. Namba ni hukumu ya mahali ambapo hujafika, na pengine hutafika.

Kabla ya kwenda mbali, ni wajibu kuijua namba yenyewe. Kipimo chake cha asili ni kitunda, yule askari wa mguu anayetangulia mbele ya kete kubwa, na injini humgawa katika sehemu mia. Injini inapozungumza na programu ya ubao husema maneno ya namna hii:

```
info depth 24 multipv 1 score cp 31 pv e2e4 e7e5 g1f3 b8c6
```

Neno `depth` ni kina cha upekuzi, `score cp 31` ni tathmini ya sehemu 31 katika mia za kitunda, ambayo katika kioo utaiona ikiandikwa +0.31, na baada ya `pv` unafuata mlolongo mkuu. Ukikuta `score mate 5`, hakuna tena hesabu ya vitunda: injini imeona kwamba mfalme atafungwa katika hatua tano. Kuna jambo dogo hapa ambalo limewapotosha wengi, nalo ni alama. Injini yenyewe husema kwa upande wa yule ambaye zamu ni yake, ilhali programu nyingi za ubao hugeuza namba iwe kwa upande wa Mweupe daima. Basi mtu anayecheza kwa kete nyeusi, akaona -1.50 akahuzunika, huenda anahuzunikia ushindi wake mwenyewe. Jaribu programu yako mara moja katika hali ambayo Mweusi amezidi malkia mzima, na zamu ni yake, utaijua desturi yake na hutahitaji kuuliza tena.

Zamani namba hiyo ilikuwa karibu na hesabu ya duka: kitunda kimoja, farasi tatu, askofu tatu, ngome tano, malkia tisa, pamoja na nyongeza na makato kwa usalama wa mfalme, uhuru wa kete na mengineyo. Leo si hivyo. Stockfish, injini ambayo wengi wetu tunaitumia bila hata kujua jina lake kwa kuwa imefichwa ndani ya programu nyingine, ilianza mwaka 2020, katika toleo lake la 12, kutumia mtandao wa neva uliofunzwa kwa mamilioni ya hali za ubao. Na tangu toleo la 15.1 la mwaka 2022 wenye kuitengeneza wameisawazisha namba yake kwa namna ambayo +1.00 maana yake ni kwamba injini, ikicheza na nafsi yake, hushinda takriban nusu ya michezo inayopitia tathmini hiyo, na iliyobaki karibu yote huwa sare. Kwa hiyo +1.00 haisemi kuwa una kitunda kimoja zaidi. Yawezekana umepungukiwa na farasi na namba ikawa upande wako, au umezidi vitunda viwili na namba ikawa dhidi yako. Na zaidi ya hayo, nusu ile ya ushindi ni ya mashine iliyokabiliana na mashine. Mimi nawe, ambao hutupa kete nzima tukiwa tumechoka, hatumo katika hesabu hiyo. Tofauti ya +0.20 na +0.45 ambayo watu hubishania kwa saa nzima haina uzito wowote katika mchezo wa wanadamu wa kawaida.

Sifuri nayo inahitaji hadhari. Yako masifuri ya aina mbili yaliyovaa nguo moja. Sifuri ya kwanza ni ya amani: kete zimekwisha, hakuna wa kumdhuru mwenziwe, na mlolongo mkuu unaonyesha wafalme wakienda na kurudi. Sifuri ya pili ni ya vita, ambapo upande mmoja unaokoka kwa hatua moja tu katika kila zamu, na ukikosa moja umekwisha. Mfano wa aina ya pili ni ngome na askofu dhidi ya ngome peke yake: hazina za miisho ya mchezo, ambazo zimekokotoa kwa yakini kila hali yenye kete zisizozidi saba, zinasema kwamba sehemu kubwa ya hali za kete hizo ni sare, na injini iliyounganishwa na hazina hizo itakuandikia 0.00 bila kusita, lakini mwenye ngome pekee anatakiwa kujihami kwa hatua 50 mfululizo kabla kanuni haijamwokoa, na mabingwa wakubwa wameshindwa kujihami hivyo. Ukitaka kujua sifuri uliyonayo ni ya aina gani, usiitazame namba. Tazama mlolongo, kisha iambie injini ikuonyeshe hatua tatu bora badala ya moja. Ikiwa zote tatu zina sifuri, keti kwa utulivu. Ikiwa ya kwanza ina sifuri na ya pili inasema umepotea, jua kwamba unatembea juu ya uzi.

Sasa natupeleke shauri hili penye mfano, kwa kuwa bila ubao mbele ya macho maneno haya yote yatabaki hewani. Mwaka 1998 katika mashindano ya Linares, mji wa Hispania, Veselin Topalov alicheza kwa kete nyeupe na Aleksei Shirov kwa nyeusi, na mchezo ukafika mwisho ambao watu bado wanausimulia. Ukitaka kuupanga katika programu yako, nakili mstari huu:

```
8/8/4kpp1/3p1b2/p6P/2B5/6P1/6K1 b - - 0 47
```

Mweupe ana mfalme g1, askofu c3, na vitunda viwili, g2 na h4. Mweusi ana mfalme e6, askofu f5, na vitunda vinne, a4, d5, f6 na g6. Tena zamu ni yake. Kwa hesabu ya vitunda Mweusi amezidi viwili, na mtu asiyeujua mchezo huu vizuri atasema kazi imekwisha. Walakini maaskofu wale wawili wanatembea katika rangi mbalimbali, mmoja katika miraba ya giza na mwenziwe katika ya nuru, na kila aliyefundishwa miisho ya mchezo anajua kwamba hali hiyo ni kimbilio la mwenye kupungukiwa: askofu wa Mweupe huikalia miraba ya giza ambayo vitunda vya Mweusi havina budi kuipita, na askofu wa Mweusi hawezi kumfukuza hata milele. Mwenye kuhami akimleta mfalme wake katikati, ushindi huwa mgumu mno au haupo kabisa. Hapa ndipo namba inapoweza kumdanganya msomaji. Injini ikiandika -2, namba hiyo yaweza kuwa ya ushindi au yaweza kuwa ya ukuta usiobomoka, ambao mashine huendelea kuuona kuwa ni faida kwa sababu tu haijaona mwisho wake. Dalili ya kuutambua ukuta huo ni moja: endeleza mlolongo hatua kumi au kumi na tano, ukimpa kila mmoja hatua bora, kisha soma namba upya. Faida ya kweli hukua kadiri unavyosonga mbele. Faida ya ukutani husimama palepale, -2 inabaki -2, na kete zinazunguka tu bila kuvunja kitu.

Katika hali hiyo Shirov alicheza 47...Bh3, akamweka askofu wake mahali ambapo kitunda cha g2 kinamla bure. Si kafara ya kumfunga mfalme, wala hakuna kete inayorudishwa mara moja. Topalov alimla, 48.gxh3, na mchezo ukaendelea hivi: 48...Kf5 49.Kf2 Ke4 50.Bxf6 d4 51.Be7 Kd3 52.Bc5 Kc4 53.Be7 Kb3, na hapo Mweupe akasalimu amri. Hebu simama baada ya hatua ya 50 ya Mweupe ufanye hesabu ya duka: Mweupe ana askofu na vitunda viwili, Mweusi ana vitunda vitatu peke yake. Injini yenye upekuzi mfupi, inayoona zamu sita au nane mbele na kuishia hapo, huhesabu hasara hii na kuitupilia mbali hatua ya 47. Na kutoka 47...Bh3 mpaka 53...Kb3, pale ambapo Mweupe mwenyewe alikubali, ni zamu 13. Wala 53...Kb3 si mahali pa kumfunga mfalme. Ni mahali ambapo askofu mmoja anatakiwa kuzuia vitunda viwili vilivyo mbali, cha a na cha d, na mfalme mweusi anavisindikiza vyote viwili. Injini za wakati ule, katika mashine za wakati ule, hazikuwa na uwezo wa kufika huko kwa muda wa kawaida.

Za leo hufika, lakini si kwa papo hapo, na katika kufika kwake kuna funzo kwa msomaji wa namba. Kina hupanda kidogo kidogo: injini hupekua zamu moja, mbili, tatu, ikirudia kila mara kwa undani zaidi, na njia inazozidhania kuwa mbovu huzipunguzia upekuzi, ili ipate nafasi ya kwenda mbali katika njia inazozipenda. Kwa hivyo kafara ya namna hii huanza ikiwa katika njia zilizodharauliwa, na inaweza kukaa huko kwa muda kabla haijapanda ghafula kuwa hatua ya kwanza. Ukiitazama namba sekunde mbili tu katika simu, umesoma rai ambayo mwenyewe hajaimaliza. Nahodha wa jahazi atupapo bildi majini hupata kina cha pale ilipozama bildi, si cha mkondo wote. Na `depth 24` haisemi kwamba kila njia imepekuliwa zamu 24. Subiri mpaka namba na hatua ya kwanza vitulie, visibadilike ingawa kina kinapanda, ndipo uviandike katika daftari lako.

Kwa sababu hiyohiyo mlolongo mkuu hauna nguvu sawa toka kichwa mpaka mkia. Ikiwa kina ni 24, hatua ya kwanza imepimwa kwa zamu 24 zilizo mbele yake, lakini hatua ya kumi na tano imebakiwa na kumi tu au chini ya hapo, na ile ya mwisho ni karibu dhana tupu. Nimewaona watu wenye akili wakiandika katika vitabu vyao vya mazoezi hatua ya ishirini ya mlolongo kana kwamba ni hukumu ya kadhi. Mkia ule si wa kuaminiwa. Anayetaka kujua yaliyoko huko na aende mwenyewe: acheze hatua sita au nane za kwanza ubaoni, kisha aiache injini ipekue upya kutoka hapo, na mara nyingi ataona mkia wa kwanza umefutwa na mwingine umeandikwa.

Narudi katika Bh3, kwa kuwa sasa tunafikia kiini cha shauri langu, nacho ni hatari ya kunakili. Tuseme kijana fulani amepata hali inayofanana na hii, na katika mazoezi yake injini ilimwonyesha kwamba hatua ni Bh3, jibu ni gxh3, kisha Kf5 na Ke4. Ameyakariri yote. Siku ya siku anamsogeza askofu wake h3 kwa furaha, na mpinzani, ambaye hana habari ya mlolongo wowote, hamli. Anacheza 48.Kf2. Katika kichwa cha kijana hakuna neno juu ya jambo hili, kwa maana mlolongo mkuu huchagua jibu moja la mpinzani na kuyaficha mengine yote, hata kama jibu la pili limepungua kwa nukta chache tu. Kijana sasa ana askofu anayeshambuliwa na kitunda, na jambo la kwanza linalomjia moyoni ni kumrudisha nyuma. Akimrudisha, zamu moja imepotea, mfalme mweupe anafika e3, na ushindi umekwenda.

Yule aliyeelewa hana shida. Yeye aliuuliza ubao swali ambalo namba haijibu: askofu amekwenda h3 kufanya nini? Jibu ni kwamba alikuwa njiani. Mfalme mweusi anataka kufika e4 ili mfalme mweupe asiweze kusimama e3 kuzuia kitunda cha d, na njia ya e4 inapita f5, mahali alipokuwa amekaa askofu wake mwenyewe. Askofu hana budi kuondoka. Lakini akienda e4, atakaa tena katika mraba uleule anaoutaka mfalme, na Mweupe atapata zamu ya kumsogeza mfalme wake. Akiondoka kwa kukishambulia kitunda cha g2 bila kuuziba mraba huo, Mweupe analazimika kujibu, na njia imefunguka. Kafara yote ni ya kununua zamu moja. Anayejua hili, akiona 48.Kf2, hucheza 48...Kf5 bila kumwogopea askofu, kwa kuwa safari ya mfalme ndiyo mradi. Na mpinzani akijaribu 49.Kf3 ili kuifunga njia ya e4, jibu ni 49...Bxg2+, na mfalme mweupe akila 50.Kxg2 ameondoka mahali pake, na 50...Ke4 inafuata. Vilevile 48.g3 haimsumbui: 48...Kf5 49.Kf2 Ke4, na mfalme amefika. Majibu matatu tofauti yamejibiwa kwa sababu moja, na sababu hiyo haikuandikwa popote katika kioo.

Basi ninachoshauri ni kwamba kila mlolongo mkuu unaotaka kuuamini uvunjwe kwa mkono. Katika kila zamu ya mpinzani, weka hatua ambayo wewe mwenyewe ungeicheza kama ungekuwa mahali pake, hasa ile ya kawaida na ya woga: kula kilicho bure, kurudisha kete iliyoshambuliwa, kumshambulia mfalme. Tazama injini inajibu nini, na uandike jibu kwa maneno, si kwa herufi za miraba. Ikiwa huwezi kuandika sentensi moja inayosema hatua ile inafanya kazi gani, hatua hiyo si yako bado, na katika mchezo wa kweli heri uicheze ya pili.

Na hiyo ya pili si ya kudharauliwa. Tumia hatua tatu badala ya moja, katika programu nyingi huitwa `MultiPV`, na upime pengo lililoko baina yake. Pengo likiwa kubwa, kama katika mfano wa Linares ambapo hatua moja hushinda na nyingine huuacha ushindi uteleze, huna hiari: tafuta sababu mpaka uipate. Pengo likiwa ni sehemu kumi au ishirini katika mia, injini inakwambia kwa lugha yake kwamba haijali, na chaguo ni la tabia yako: chagua hali ambayo mpango wake unaujua, ambayo kosa moja halikuui, na ambayo mpinzani wako ndiye mwenye kazi ngumu zaidi. Mimi huenda mbali kidogo kuliko wenzangu wengi katika hili. Kama hatua ya kwanza inaniletea +0.60 kwa sharti la kukumbuka hatua saba zisizo na mbadala, na ya tatu inaniletea +0.25 pamoja na mfalme aliye salama na ngome zenye njia wazi, naiandika ya tatu katika daftari, na kando yake naandika kwa nini. Kisha naiacha injini ikiwa imefungwa na kuucheza mwendelezo wake peke yangu mpaka hatua ya 30 kabla sijaifungua tena kuniambia wapi niliteleza.